UZI: Nina spektra ya NMR yenye ppm tu, nataka Hz. Msimamizi anasema mashine ni 300, mimi napata majibu ya ajabu

BintiMdalasini (#1)

Wakuu habari za jioni. Nina mtihani wa kujieleza mbele ya jopo wiki ijayo na kuna jambo linaninyima usingizi.

Mradi wangu ni mafuta ya magome ya mdalasini. Magome nilinunua Darajani, nikachemsha na kukusanya mvuke, yale maji nikayakamua kwa ethili asetati, nikaukausha mseto wangu na kuivukiza. Sampuli ikapelekwa nje kupimwa kwa sababu kwetu hakuna mashine. Nimerudishiwa PDF ya ukurasa mmoja. Haina maelezo yoyote pembeni, ni mchoro tu na namba za vilele kwa ppm, desimali mbili basi.

Ninachotarajia ni sinamaldehaidi. Nimepata mistari 2 kwenye 9.71 na 9.69, hiyo naamini ni haidrojeni ya aldehaidi. Kuna lundo kati ya 7.4 na 7.6 ambalo silielewi vizuri. Halafu kuna mistari 4 mizuri kabisa, yenye urefu unaokaribiana: 6.75, 6.73, 6.71 na 6.69.

Msimamizi amesema maabara ile ina mashine ya 300. Basi nikachukua pengo la 0.02 nikazidisha kwa 300, nikapata 6 Hz. Nikaandika kwenye ripoti "kwateti, J = 6 Hz". Amenirudishia na wino mwekundu: "Kwateti inatoka wapi? Jirani mwenye haidrojeni 3 yuko wapi? Na J ya transi iko wapi?" Kweli vitabu vinasema transi ni kama 16 Hz. Mimi nina 6. Je, nimetengeneza kitu kingine au hesabu yangu ndiyo mbovu?

maji_ya_kisima (#2)

Dada, ppm ni miligramu kwa lita, haina uhusiano na hezi hata kidogo. Mimi napima floridi kwenye visima huku Arusha, kikomo cha WHO ni 1.5, sisi tunapata visima vinavyozidi hapo mara kadhaa. Ukiwa na 6.75 ppm ya kitu chochote kwenye maji hiyo ni hatari. Umepima maji gani?

BintiMdalasini (#3)

Hapana kaka, si maji. Hii ppm ni ya mahali kilele kilipo kwenye mchoro, si ya wingi wa kitu. Asante lakini.

maji_ya_kisima (#4)

Sawa, nimechelewa kuelewa. Nakaa pembeni nisome.

FundiKristali (#5)

Mimi si mkemia, ni fundi wa redio za mawasiliano, lakini hii hesabu naifanya kila siku. Kristali ya megahezi 16 ikiandikwa kosa lake ni ppm 20, maana yake inaweza kupotoka hezi 20 kwa kila megahezi. 16 mara 20 ni hezi 320. Milioni ya juu inakatana na milioni ya chini, basi.

```
Hz = ppm × MHz
```

Kwa hiyo ukijua mashine yako inaimba kwa megahezi ngapi, zidisha ulale. Dada amezidisha sawasawa. 0.02 × 300 = 6. Hakuna kosa hapo.

KijanaWaKolamu (#6)

Fundi yuko sahihi kwenye hesabu. Ila dada usihangaike na hiyo 16 Hz ya kitabu. Vitabu vingi vimeandikwa kwa mashine za 400 na 500. Mashine ikiwa kubwa mistari inatanuka, ikiwa ndogo inabanana, kwa hiyo J yako ya 6 kwenye 300 ni kawaida tu. Mimi ningeandika J = 6 Hz (300 MHz) na kuwaeleza jopo kwamba mashine ni ndogo.

MzeeWaSumaku (#7)

Kijana, hilo usimpe mtu akaenda nalo mbele ya jopo, watamla nyama.

J haibadiliki kwa mashine. Ni haidrojeni mbili zinazungumza kupitia bondi zilizo kati yao, na sumaku ya nje haiwasikilizi. Ikiwa ni 16 Hz kwenye mashine ya 400, ni 16 Hz kwenye ya 60. Kinachobadilika na sumaku ni umbali kati ya haidrojeni moja na nyingine ukiupima kwa hezi. Ndiyo sababu tunatumia ppm kwa mahali kilele kilipo, ili mtu wa mashine ya 60 na wa 600 wasome namba moja, na tunatumia Hz kwa J kwa sababu hiyo hiyo. Kila kipimo kimepewa kazi ambayo hakiyumbi.

Sasa angalia inavyochanganya macho. Hiyo mistari 4 ya dada, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sinamaldehaidi ya kawaida inachukua kama 23.7 Hz. Kwenye karatasi ya mashine ya 400 hiyo ni ppm 0.06. Kwenye mashine ya 60, ambayo ndiyo niliyojifunzia ujana wangu, ingetawanyika karibu ppm 0.4, mistari inaingia hadi ua wa jirani. Ni mashine NDOGO inayotanua mistari kwa ppm, Kijana. Umeigeuza. Karatasi zetu za zamani zilikuwa na mizani miwili, Hz juu na ppm chini, na mtu alikuwa anapima J kwa rula upande wa juu. Siku hizi programu inachapa ppm tu kisha watu wanasahau kuna upande wa pili.

BintiMdalasini, hesabu yako ya kuzidisha ni sahihi kama Fundi alivyosema. Wasiwasi wangu ni hiyo 300. Nani ameiona? Msimamizi ameisoma kwenye karatasi au anakumbuka?

BintiMdalasini (#8)

Shikamoo Mzee. Anakumbuka. Alisoma kwenye maabara hiyo miaka ya nyuma na wakati huo walikuwa na ya 300. PDF yangu haijaandikwa popote. Nimewaandikia barua pepe, bado kimya.

MzeeWaSumaku (#9)

Marahaba. Basi tuitafute sisi wenyewe kutoka kwenye karatasi.

Usitumie ile mistari 4 ya 6.7 kutafuta mashine, maana hiyo ndiyo unayotaka kuithibitisha, utakuwa unazunguka mti. Tunahitaji kitu kingine kwenye mchoro huo huo ambacho J yake inajulikana bila ubishi. Umesema ulikamua kwa ethili asetati. Hiyo haitoki yote hata uivukize vipi. Tazama karibu na 4.12, 2.05 na 1.26. Ukiona vilele vidogo hapo niandikie namba zote.

BintiMdalasini (#10)

Mzee, vipo! Nilikuwa nimeviita "uchafu" kwenye ripoti.

2.05 mstari mmoja.
1.28, 1.26, 1.24.
4.15, 4.13, 4.11, 4.09. Hapa ya kati ni mirefu, ya pembeni mifupi.

MzeeWaSumaku (#11)

Huo uchafu ndio rula yako.

Ethili ile, kundi la CH3 na CH2 yake, zinashikana kwa 7.1 Hz. Hiyo ni namba ambayo kila mtu aliyewahi kukausha chupa vibaya anaijua. Kwateti ya 4.12 ina mapengo 3, kwa hiyo kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho ni 7.1 mara 3, yaani 21.3 Hz. Kwenye karatasi yako umbali huo ni 4.15 kutoa 4.09, ppm 0.06.

Sasa pindua fomula ya Fundi. Megahezi ni Hz gawa kwa ppm:

```
21.3 / 0.06 = 355
```

Usishtuke, najua hakuna aliyekuambia kuna mashine ya 355. Hapo ndipo desimali mbili zinapokuumiza. 4.15 inaweza kuwa chochote kati ya 4.145 na 4.155, na 4.09 vivyo hivyo. Umbali wa kweli uko kati ya 0.05 na 0.07. Gawa tena kwa pande zote mbili: 21.3 kwa 0.07 ni 304, 21.3 kwa 0.05 ni 426. Mashine yako iko katikati ya hizo. 300 imetoka nje ya uzio, kwa unywele tu lakini imetoka. Mashine ya 300 ingekuandikia umbali wa 0.07 au 0.08, kamwe si 0.06. Ya 500 ingekuandikia 0.04 au 0.05. Kinachobaki ambacho mtu anakikuta kwenye maabara leo ni 400.

Nimechukua kwateti badala ya ile tripleti ya 1.26 kwa makusudi. Tripleti ina upana wa 14.2 Hz tu, na kosa lile lile la 0.01 linaila zaidi. Ungeifanyia hesabu hiyo hiyo ungepata kati ya 284 na 473, na 300 ingebaki ndani. Chagua kitu kipana zaidi unachokijua.

KijanaWaKolamu (#12)

Mzee nimekubali kwenye J, nilichanganya. Lakini hata kwa 400, 0.02 × 400 ni 8 Hz. Kwateti ya 8 Hz. Bado si 16, na bado msimamizi atauliza jirani mwenye haidrojeni 3 yuko wapi.

MzeeWaSumaku (#13)

Swali zuri, na hapa ndipo watu wengi hudondokea.

Nani kasema ni kwateti? Kwateti ya kweli ina mistari ya urefu wa 1, 3, 3, 1. Binti mwenyewe amesema kwenye #10 kwamba ya ethili ina ya kati mirefu na ya pembeni mifupi. Lakini mistari ya 6.7 amesema kwenye #1 kwamba urefu wake unakaribiana. Mistari 4 inayolingana urefu ni dableti iliyogawanywa tena kuwa dableti: majirani wawili tofauti, kila mmoja na J yake. Haidrojeni ile imekaa katikati, upande mmoja ana aldehaidi, upande wa pili ana haidrojeni ya ng'ambo ya bondi mbili.

Kwa umbo hilo usomaji ni huu. Mstari wa kwanza hadi wa pili ni J ndogo. Mstari wa kwanza hadi wa tatu ni J kubwa. Kwako: 6.75 kutoa 6.73 ni 0.02, mara 400 ni 8 Hz. 6.75 kutoa 6.71 ni 0.04, mara 400 ni 16 Hz. Hiyo hapo 16 yako, ilikuwa imekaa machoni pako siku zote.

Mistari imeonekana kama imepangwa kwa rula, 0.02, 0.02, 0.02, kwa bahati mbaya tu: J kubwa ni karibu mara mbili ya ndogo. Ikiwa hivyo mapengo yote matatu yanakaribiana na jicho linaona kwateti. Kisha ukizungusha hadi desimali mbili hata ile tofauti ndogo inafutika.

Na tazama 9.71 na 9.69. Pengo 0.02, 8 Hz. Ndiyo J ndogo ile ile, imeonekana upande wa pili. Mazungumzo ni ya watu wawili, kila mmoja lazima aonyeshe namba moja. Isingefanana ningekuwa na shaka.

BintiMdalasini (#14)

Mzee nimekaa chini. Wiki mbili natafuta CH3 ambayo haipo.

Swali: na ile J ya 16, mwenzake yuko wapi? Nayo si inapaswa kuonekana upande wa pili?

MzeeWaSumaku (#15)

Amejificha kwenye lile lundo la 7.4 hadi 7.6. Kwa kawaida yuko kama 7.47, yaani mistari ya 7.49 na 7.45, na haidrojeni za pete ya benzini zimemkalia juu. Unaweza kumwona kidogo, usimlazimishe. Huyo wa 6.72 anatosha kama shahidi.

FundiKristali (#16)

Samahani nirudi. Mzee unasema 400, lakini mitambo haiwi namba ya mviringo hivyo. Ingekuwa redio yangu ningetaka masafa kamili. Ni 400.000 au ni kitu kingine? Maana nikizidisha 6.72 kwa namba tofauti kidogo nitapata hezi tofauti.

MzeeWaSumaku (#17)

Fundi una sikio. Mashine nyingi zinazoitwa 400 za Bruker ziko kwenye 400.13. "400" ni jina la ukoo tu. Kwa mahali kilele kilipo inaonekana: 6.72 mara 400 ni 2688.0, mara 400.13 ni 2688.9, karibu hezi nzima. Kwa J haionekani: 0.04 mara 400 au mara 400.13 inatofautiana kwa tano ya elfu ya hezi, yaani 0.005. Kwa hiyo kwa kazi ya binti usijisumbue. Anayetaka kutaja kilele chenyewe kwa Hz kutoka sifuri, huyo atumie namba kamili.

FundiKristali (#18)

Na hiyo sifuri ni ipi? Sisi tunahesabu kutoka masafa ya kristali yenyewe. Kwenu inahesabiwa kutoka katikati ya bendi au wapi?

MzeeWaSumaku (#19)

Kutoka kwenye TMS, ambayo tumeipa ppm 0. Ndiyo maana ukisoma vigezo vya Bruker utaona namba mbili zinazofanana karibu kabisa. SF ni masafa ya pale penye 0 ppm. SFO1 ni masafa ambayo mashine inarushia, na hayo yako katikati ya dirisha, kwa kawaida karibu na 6 ppm. Mara nyingi utaona SF 400.1300 na SFO1 400.1325. Ile tofauti ya hezi 2471 au hapo karibu ndiyo hiyo ppm 6. Ukigawa kwa hii au ile, J haitajua.

NyotaYaFlorini (#20)

Nimefuatilia kimya ila nina langu linalofanana. Nina kampaundi yenye florini kwenye pete. Kwenye spektra ya kaboni, kaboni iliyoshika florini imegawanyika: 164.1 na 161.6. Nikazidisha pengo la 2.5 kwa 400 kwa sababu mashine yetu ni 400, nimepata 1000 Hz. Msimamizi wangu amecheka tu akaondoka. Hakusema kosa liko wapi.

KijanaWaKolamu (#21)

2.5 × 400 = 1000. Hesabu iko sawa. Labda florini ina J kubwa, ni atomu yenye nguvu.

MzeeWaSumaku (#22)

Ana J kubwa kweli, ila si hivyo. Florini na kaboni iliyoishika moja kwa moja kwenye pete ya benzini ni kama 245 hadi 250 Hz.

Jina "400" ni la protoni. Kwenye sumaku ile ile, ya tesla 9.4, kaboni haiimbi kwa sauti hiyo. Kaboni ya 13 inaimba karibu robo ya protoni, asilimia 25.145. Chukua 400.13 mara 0.25145, unapata 100.6. Hiyo ndiyo megahezi ya kaboni kwenye mashine yako. 2.5 mara 100.6 ni 251 na ushee. Msimamizi wako alicheka kwa sababu namba yako imezidi karibu mara 4, na kosa la mara 4 kwenye kaboni lina sababu moja tu.

BintiMdalasini nawe uandike hili: ukipata spektra ya kaboni ya sampuli yako, aldehaidi itakuwa karibu 194 ppm. Usiizidishe kwa 400.

NyotaYaFlorini (#23)

Astaghafirullah. Nina jedwali zima la hivyo. Narudi kulirekebisha. Na florini yenyewe?

MzeeWaSumaku (#24)

Kwenye mashine hiyo florini ni kama 376. Isome kwenye faili lako, usinisikilize mimi. Kila kiini kina SFO1 yake.

maji_ya_kisima (#25)

Nimesoma yote. Kwa hiyo ppm yenu nayo ni sehemu kwa milioni kama yetu, tofauti ni kwamba sisi ni milioni ya uzito na nyinyi ni milioni ya masafa? Nimeuliza tu.

FundiKristali (#26)

Ndiyo mkuu, hapo umeipata kuliko sisi tulivyoieleza.

BintiMdalasini (#27)

Wakuu, siku ya tatu leo. Maabara wamejibu, wamenitumia folda nzima. Sina programu yao, nikafungua faili la acqus kwa Notepad nikakuta hii:

```
##$NUC1= <1H>
##$SFO1= 400.132471
```

Mzee alikuwa sahihi. Nimempelekea msimamizi, amesema "kumbe walibadilisha mashine", akaendelea na chai yake.

Rafiki yangu wa chuo kingine amefungua ile folda kwenye TopSpin akanichapia orodha ya vilele kwa Hz. Ile mistari 4: 2700.7, 2693.0, 2684.7, 2677.0.

MzeeWaSumaku (#28)

Sasa hiyo ndiyo orodha. Toa mwenyewe: wa kwanza na wa pili 7.7, wa kwanza na wa tatu 16.0. Wa tatu na wa nne 7.7 tena, wa pili na wa nne 16.0 tena. Na pengo la katikati, 2693.0 hadi 2684.7, ni 8.3, si 7.7. Hiyo 8.3 si J ya mtu yeyote, ni 16.0 kutoa 7.7. Unaona? Kwa desimali mbili za ppm mapengo yote yalikuwa 0.02. Kwa Hz mistari inakuambia yenyewe kwamba si kwateti.

Andika: 6.72 (dd, J = 16.0, 7.7 Hz). Na uandike 400 MHz kwenye sehemu ya vifaa.

KijanaWaKolamu (#29)

Mimi ningeandika 16 na 8 tu. Desimali moja ya Hz ni kujidai.

MzeeWaSumaku (#30)

Inategemea mashine ilikusanya data kwa muda gani na mistari yako ni minene kiasi gani. Mimi naandika desimali moja, wapo ninaowaheshimu wanaoandika nusu hezi. Kwenye hilo sitagombana. Ila kutoka kwenye ile PDF ya mwanzo hata 16 ulikuwa huna haki ya kuiandika. Ilikuwa 16 jumlisha au toa 4, yaani mahali popote kati ya 12 na 20. Na 12 ni mlango wa haidrojeni zilizo upande mmoja.

BintiMdalasini (#31)

Nimeandika hivyo. Lakini Mzee umenikumbusha jambo. Kuna dableti ndogo sana kwenye 6.48 na 6.44. Kwenye PDF ipo, nikizidisha 0.04 × 400 napata 16. Msimamizi anadhani ni sinamaldehaidi ya upande mmoja. Mimi nilidhani ni uchafu, lakini uchafu wa mwanzo uligeuka kuwa rula, sasa naogopa kuita kitu uchafu.

NyotaYaFlorini (#32)

Chupa ilikaa wazi muda gani? Aldehaidi hiyo inakula hewa na kuwa asidi ya sinamiki, nayo ina dableti karibu hapo.

BintiMdalasini (#33)

Ilikaa kwenye friji mwezi mzima, kifuniko si kizuri.

MzeeWaSumaku (#34)

Mimi naelekea kwa Nyota. Sinamaldehaidi, iwe ya upande mmoja au pande tofauti, ina jirani wa aldehaidi, kwa hiyo ungeona mistari 4 pale, si 2. Asidi haina jirani huyo, inabaki na dableti safi ya 16. Na mwenzake angekuwa karibu 7.80, nje ya lundo. Tazama huko.

Lakini 0.04 yako ya PDF ni ile ile ya 12 hadi 20, haiamui. Mwambie rafiki yako akusomee hiyo kwa Hz. Ilitoka kwenye orodha aliyokupa?

BintiMdalasini (#35)

Haimo. Anasema aliweka kizingiti cha kuchagua vilele juu sana, vidogo vyote vikaachwa. Kwenye PDF naona kama kuna kitu kwenye 7.81 na 7.77 lakini ni kama mchanga. Nimemwomba ashushe kizingiti achape tena. Yuko safarini, atarudi Jumatatu. Jopo langu ni Jumanne saa 3 asubuhi.

FundiKristali (#36)

Tupo tunasubiri Jumatatu, usituache hewani.